Kitabu cha mwanafunzi, sehemu ya uaminifu wa kitaaluma: wizi wa maandishi, uchunguzi unavyokwenda na adhabu zake

Sehemu hii ya kitabu ndio watu huiruka, wanaifungua siku barua imeshafika, kwa hivyo tumeiandika kwa lugha ya kawaida ili mtu aisome hata akiwa kwenye matatu ya Likoni ashuke ameelewa. Inahusu kazi unazoandikia nje ya ukumbi wa mtihani, yaani asaimenti, ripoti ya atachimenti, na zaidi ya yote projekti ya mwaka wa mwisho. Mambo ya mwakenya na simu chini ya dawati yana sehemu yake mbele huko, hatutayagusa hapa.

Tuanze na asilimia maana hapo ndipo makomred wengi wanapotea. Utasikia mtu anauliza chuo kinaruhusu asilimia ngapi, kama kwamba kuna kiasi fulani cha kuiba kimehalalishwa. Turnitin haijui wizi, inachofanya ni kulinganisha maneno yako na maneno yaliyo kwenye akiba yake, tovuti, majarida na kazi za wanafunzi wengine, halafu inakwambia yanayofanana ni kiasi gani. Rangi zenyewe zinapotosha: ripoti ikiwa chini ya asilimia 25 inakuja na kijani na mtu anashangilia, kumbe kijani hicho kinaweza kuwa asilimia 8 ambayo yote ni aya mbili za sura ya matokeo zilizonyofolewa kwa mtu, na hiyo ni kesi. Na mwingine ana 35 ya manjano ambayo ni orodha ya marejeo, ukurasa wa kiapo na nukuu zilizofungwa vizuri, huyo hana kesi yoyote. Kikao hakiangalii namba, kinafungua ripoti na kusoma sentensi moja moja, na wewe fanya hivyo hivyo kabla hujawasilisha.

Nini hasa kinahesabiwa kosa

Kukopi na kupesti bila kutaja mwenyewe kila mtu anajua, hatuna haja ya kupoteza wino. Kuandikiwa nako kunajulikana, iwe umemlipa raita, iwe ni binamu yako amekufanyia bure, kazi si yako na jina lako liko juu yake, basi. Kuwasilisha asaimenti ya mwaka wa pili tena kwenye somo la mwaka wa tatu bila kumwambia lekchara ni kosa pia, hata kama uliiandika mwenyewe kwa jasho lako, kwa sababu unaombea maksi mara mbili kwa kazi moja. Kubuni data, yaani kujaza dodoso 50 mwenyewe chumbani halafu ukasema ulikwenda Kongowea kuhoji wachuuzi, hilo linashughulikiwa kama kosa zito kuliko kopi-pesti, na tutaona mbele huko kwa nini.

Linalotuletea kesi nyingi ni la viraka, na wengi wanaolifanya hawajui kama ni kosa. Mtu anachukua sentensi ya mwenziwe anabadilisha maneno mawili matatu, mifupa inabaki ile ile. Tazama mfano huu, sentensi tumeitunga wenyewe, usije ukaitumia kama utafiti:

*Asili:* Kwa kuwa abiria wa miguu hawalipi nauli, feri ya Likoni hutegemea magari kwa mapato yake, na hii ndiyo sababu foleni ya magari hupewa uzito kuliko foleni ya watu wakati wa asubuhi.

*Viraka:* Kwa vile wapita miguu hawatozwi nauli, kivuko cha Likoni hutegemea magari kwa kipato chake, na ndiyo maana laini ya magari hupewa kipaumbele kuliko laini ya watu nyakati za asubuhi.

Ukiziweka sambamba utaona kila kipande kimekaa pale pale, sababu, halafu feri, halafu mapato, halafu foleni, halafu asubuhi. Hata ukiweka jina la mwandishi mwisho wa sentensi hiyo bado ina tatizo, kwa sababu jina bila alama za kunukuu linamwambia msomaji kwamba wazo ni la yule lakini uandishi ni wako, na uandishi si wako. Hapo una njia mbili tu, ama uinukuu neno kwa neno ndani ya alama na utaje ukurasa, ama uifunge ile kazi, ukae kidogo, halafu uandike ulichoelewa bila kuitazama:

*Sawa:* Mtafiti huyu (jina, mwaka, ukurasa) anaona mpangilio wa foleni Likoni unafuata pesa, mwenye gari analipa na wa miguu halipi. Abiria niliowahoji mimi walitoa sababu nyingine, kwamba geti la magari hufunguliwa mapema zaidi.

Hii ya mwisho ni fupi, inamtaja mwenyewe mwanzoni kabisa, na inaongeza kitu ambacho asili haina. Hicho kitu cha kuongeza ndicho supavaiza anachotafuta kwenye sura ya pili, na mtu akikizoea viraka vinaisha vyenyewe.

Na usidhani kutafsiri kunakuokoa. Kuchukua makala ya Kiingereza ukaigeuza Kiswahili bila kumtaja mwenyewe ni wizi ule ule, na ingawa mara nyingi mashine inapitwa hapo, lekchara wa somo ameshasoma makala zile zile unazozitafsiri, anaijua hoja akiiona hata ikiwa imevaa kanzu.

Kabla ya kuwasilisha

Andikia mahali panapohifadhi historia. Ukitumia Google Docs ingia File, halafu Version history, utaona tarehe na saa za kila hatua, na hiyo ndiyo shahidi wako mkubwa ikitokea mtu anasema kazi si yako. Ukiandikia laptopu bila intaneti basi weka nakala mpya kila wiki kwa jina lenye tarehe, usiandike juu ya ile ya zamani. Daftari la mahojiano na dodoso zilizojazwa usizitupe mpaka umeshagraduate.

Sasa hili la kuchekiwa ripoti na watu wa nje. Kuna jamaa wanatangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba watakupitishia kazi yako kwenye Turnitin kwa shilingi mia mbili mia tatu. Tatizo ni kwamba akaunti nyingi wanazotumia ni za chuo fulani huko, na kama imewekwa ihifadhi kazi basi projekti yako inaingia kwenye akiba ya kazi za wanafunzi. Wiki mbili baadaye unaiwasilisha kwa idara, inarudi na asilimia 90 na kitu, chanzo kimeandikwa kuwa ni kazi ya mwanafunzi wa chuo ambacho hujawahi hata kukisikia. Kesi za namna hii zinatambulika, karibu kazi nzima inafanana na chanzo kimoja na tarehe ya chanzo ni ya juzi juzi tu, lakini itabidi ujieleze na uonyeshe historia ya faili, na graduesheni haisubiri. Omba supavaiza akupitishie rasimu kwa akaunti ya idara ambayo haihifadhi, ni haki yako kuomba hilo.

Zile janja za kuficha, kubadilisha herufi a ya kawaida kwa herufi ya Kirusi inayofanana nayo, au kuweka alama za kunukuu kwa wino mweupe zisionekane, mashine inazionyesha kwenye sehemu yake ya Flags. Hapo umehama kutoka kosa la uzembe hadi kosa la udanganyifu, maana hakuna mtu anayeandika herufi ya Kirusi kwa bahati mbaya.

Hatua za uchunguzi, tukifuata kesi moja

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa nne, ni mfano tu tumeutunga, ana projekti ya maneno kama 15,000 kuhusu abiria wa feri ya Likoni. Ripoti imetoka 31.

*Hatua ya kwanza ni kwa lekchara.* Anayeisahihisha haruhusiwi kumpa sifuri mwenyewe wala kumuita ofisini akamtisha. Anachotakiwa ni kutoa orodha ya marejeo na nukuu zilizofungwa kwenye hesabu, kisha aangalie kilichobaki. Kwa binti huyu ikashuka hadi 22. Kati ya hizo kama 6 ni vipande vidogo vilivyotapakaa, jina la chuo, kiapo, maneno ya dodoso ambayo kila mtu anayatumia. Kama 4 zimetoka kwenye makala moja ambayo ameitaja vizuri ila hakuweka alama za kunukuu. Zinazobaki, 12, zimetoka kwenye tasnifu moja ya mwanafunzi wa chuo kingine, hakuitaja popote, hata kwenye marejeo haipo. Asilimia 12 ya maneno 15,000 ni maneno 1,800, yaani kurasa sita hivi za sura ya pili. Lekchara anaandika memo kwa mwenyekiti wa idara ndani ya siku 5 za kazi, anaambatanisha ripoti na ile tasnifu yenyewe.

*Hatua ya pili, idara inapima.* Mwenyekiti anampa mtu mwingine, asiwe supavaiza, aisome kwa macho yake. Swali lake ni moja: huu ni unukuzi mbovu wa mtu ambaye hajui, au ni kazi ya mtu imechukuliwa? Zile 4 za kwenye makala aliyoitaja akaziweka upande wa unukuzi mbovu, chanzo kiko wazi, hakuna aliyefichwa. Zile 12 hazikuweza kukaa upande huo. Kama zingekuwa 4 peke yake kesi ingeishia hapa, anaitwa, anafundishwa, anarekebisha, faili inafungwa.

*Hatua ya tatu ni barua, na hapa fungua macho.* Barua iliyokamilika inataja kanuni gani imevunjwa, kurasa na sentensi zinazolalamikiwa, chanzo kinachodaiwa, tarehe ya kikao, na siku 7 za wewe kujibu kwa maandishi. Ikija barua inasema tu umepatikana na wizi wa kitaaluma fika Jumanne, usiende kulia ofisini na usikae kimya, andika imeili siku hiyo hiyo uombe maelezo kamili na nakala ya ripoti. Hii si hisani ya chuo. Katiba ya 2010 kifungu cha 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi inayoamua jambo lake, na sheria ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho inataka upewe taarifa mapema pamoja na sababu, usikilizwe, na uonyeshwe ushahidi utakaotumika dhidi yako.

*Hatua ya nne ni jibu lako.* Jibu sentensi kwa sentensi. Tunapata barua za kurasa tatu kuhusu ada, mama mgonjwa, umbali wa kutoka Mtongwe hadi kampasi, na hakuna mstari hata mmoja unaogusa zile kurasa sita. Shida za nyumbani zina nafasi yake na zinasikilizwa, ila zinasikilizwa wakati wa kupima adhabu, haziwezi kujibu swali la maneno haya yalitoka wapi. Kama ulichukua, sema ulichukua na useme ilikuwaje. Kama hukuchukua, ambatanisha historia ya faili, noti zako, picha za daftari. Binti wa mfano wetu aliandika kwamba rafiki yake alimpa softikopi isiyo na jina akaambiwa ni noti, akaipesti kwa sababu dedlaini ilikuwa kesho yake, na akaambatanisha mazungumzo ya WhatsApp yenye faili lile. Hilo halikumtoa kwenye kosa maana noti zisizo na jina nazo si zako, lakini lilionyesha kwamba hakulipa mtu na hakuficha.

*Hatua ya tano ni kikao.* Watu watatu, mmoja wao kutoka idara nyingine, na supavaiza wako hakai mezani, akiitwa ni shahidi tu. Unaweza kuja na mwenzako au mwakilishi wa wanafunzi, na ukihitaji muda zaidi kwa sababu ya msingi omba kwa maandishi kabla ya siku yenyewe. Wataanza na maswali ya kazi, sio ya kosa: eleza umechagua vipi watu wa kuhoji, uliwahoji upande gani wa feri, saa ngapi, jedwali la tatu linasema nini. Watu huona wanachokozwa lakini maswali haya ndiyo yanayotenganisha aliyeokota kurasa sita na aliyeandikiwa projekti nzima. Aliyekwenda mwenyewe Likoni atakwambia mpaka mvua ilivyomnyeshea kwenye ngazi, aliyeandikiwa hata kichwa cha sura ya nne hakikumbuki. Na hapo pia ndipo dodoso za kubuni huanguka, kalamu moja mwandiko mmoja karatasi 50, hazina hata mkunjo.

Kumbuka kikao hakihitaji uhakika kama wa mahakama ya jinai. Kinauliza lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kwa ushahidi ulio mezani, na mzigo wa kuthibitisha ni wa chuo, si wako.

*Hatua ya sita ni uamuzi.* Unakuja kwa maandishi ndani ya siku 14 na lazima ueleze sababu na njia ya rufaa. Uamuzi wa mdomo kwenye korido hauhesabiki, wala matokeo yako hayatakiwi kubandikwa au kutumwa kwenye kundi la darasa.

Adhabu

Zina ngazi nne. Ya chini ni onyo la maandishi na kurekebisha kazi, hii ni ya unukuzi mbovu na mara nyingi ya watu wa mwaka wa kwanza. Ya pili, kazi inapata sifuri na unaiandika upya, na hata ikitoka nzuri namna gani maksi haipiti 40 ambayo ndiyo ya kupita. Ya tatu ni kusimamishwa mwaka mmoja wa masomo, hii ni ya aliyeandikiwa, aliyebuni data, au anayerudia kosa la ngazi ya pili. Ya nne ni kufukuzwa, na kwa aliyekwisha graduate Seneti inaweza kumvua digrii.

Kinachompandisha au kumshusha mtu ngazi ni mambo machache. Kiasi kilichochukuliwa na kiko sura gani, maana kurasa za usuli si sawa na kuiba matokeo ambayo ndiyo roho ya utafiti. Uko mwaka wa ngapi. Umeshawahi kuonywa. Na ulificha au hukuficha, hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kubuni data kuko juu kwa sababu hiyo, kopi-pesti inamdhulumu mwandishi mmoja lakini data ya uongo inamdanganya kila atakayeitumia baadaye, na hakuna namna ya kuirekebisha kwa kuongeza marejeo.

Binti wetu alipata ngazi ya pili. Sura ya pili aliandika upya, projekti ikapewa 40, na kwa kuwa marekebisho yalipita tarehe ya orodha hakuvaa joho mwaka ule, akangoja mwaka mwingine. Mtu anaweza kuona 40 kwenye somo moja si kitu, lakini projekti kwa kawaida inahesabiwa kama masomo mawili, na kwa mtu aliyekuwa ukingoni mwa daraja la pili la juu hiyo inatosha kumshusha. Yule rafiki aliyempa softikopi naye aliitwa. Kutoa kazi ukijua itawasilishwa ni kosa lake mwenyewe, akapata onyo.

Rufaa

Una siku 14 tangu siku uliyopokea uamuzi. Kusema adhabu imeniuma hakutoshi, onyesha moja kati ya haya: utaratibu ulikiukwa, mfano hukupewa ripoti au supavaiza alikaa mezani, kuna ushahidi mpya ambao haungeweza kupatikana wakati ule, au adhabu haina uwiano na kosa, na hapa linganisha na ngazi zilizoandikwa hapo juu, taja iliyokufaa na kwa nini. Rufaa inasikilizwa na watu wengine kabisa, na mpaka iamuliwe adhabu haianzi kutekelezwa, unaendelea na darasa kama kawaida.

Watu hukimbilia mahakamani siku ya pili wakiambiwa na jirani kuna wakili mzuri. Sheria ile ile ya 2015 inataka umalize kwanza njia za ndani, usipofanya hivyo jaji anaweza kukurudisha chuoni bila hata kugusa kesi yako, labda uwe na sababu ya kipekee. Na hata ukifika huko mara nyingi mahakama itauliza kama ulitendewa kwa haki, haitakaa kusoma sura ya pili ikakupa maksi. Kwa hivyo tunza kila karatasi, barua na bahasha yake, imeili zote, na muhuri wa tarehe uliyopeleka jibu, na ukipeleka kitu ofisini kwa mkono mwambie karani akugongee nakala yako hapo hapo kabla hujatoka.

Onyo la ngazi ya kwanza halionekani kwenye transkripti na linatolewa kwenye faili ukimaliza masomo. La ngazi ya pili linabaki kwenye faili lakini transkripti inaonyesha maksi tu bila maelezo. Kusimamishwa na kufukuzwa kunaandikwa, na mwajiri au chuo kingine kikiuliza kwa barua rasmi kinajibiwa.